Siku Isiyohesabiwa

Wapo watu wanaodhani kupanga ratiba ni kukaa kitini na kuchora mistari. Waache wadhani hivyo, hawajui walisemalo. Hebu chukua vijiji kumi na kimoja vilivyotupwa huku na huko, barabara ambazo nyingine ni barabara kwa jina tu, wadadisi wanne wa kugonga milango na kuuliza maswali, msimamizi wao mmoja, na gari moja ambalo lingekuwa binadamu lingekuwa lishaoa. Halafu uambiwe kila kaya iliyochaguliwa ihojiwe ndani ya siku ishirini na nne, na watu wako warudi wazima. Hapo ndipo utajua mbivu na mbichi.

Kazi hiyo alikuwa nayo mwanamke mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Ratiba. Jina la utani, lakini alilivaa kama cheo. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, dirisha moja, feni inayozunguka ikijisikia, na ukuta mzima uliofunikwa na karatasi zilizounganishwa kwa gundi. Humo kulikuwa na timu tatu, na kila timu na siku zake, kuanzia namba moja hadi ishirini na nne. Kijani ilikuwa siku ya mahojiano, buluu siku ya safari, njano siku ya mapumziko. Mtu akigusa karatasi zile kwa kidole chenye mafuta, atasemwa mpaka ajute kuzaliwa.

Alikuwa mkali, hilo halina ubishi. Sheria ya kazi ilisema kaya isipokutwa nyumbani irudiwe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa saa tofauti, kabla ya kuandikwa kwamba haikupatikana. Wala huruhusiwi kuchukua kaya ya jirani badala yake eti kwa sababu jirani ana kivuli kizuri. Juma la kwanza timu ya tatu iliacha kaya mbili baada ya kuzirudia mara mbili tu. Bi Ratiba aliwapigia simu, akawapa vidonge vyao bila maji. "Nikisikia tena kaya imeachwa kabla ya mara ya tatu," alisema, "mtarudi kuitafuta kwa miguu."

Na katika timu hiyo ya tatu alikuwamo mdogo wake.

Nyumbani walimwita Kifunga, kwa sababu alikuwa kifungamimba, wa mwisho kabisa, aliyezaliwa wakati mama yao alishaanza kugawa nguo za kitoto. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, mcheshi, mwepesi wa miguu, na mdomo usiolala. Kazi hii aliipata kwa usaili kama wengine, lakini timu ya kwenda nayo alichaguliwa na dada yake. Mama alikuwa ameshika mkono wa Bi Ratiba mlangoni na kumwambia, "Wewe ndiye unayejua wanapita wapi na lini. Mwanangu namkabidhi kwako, si kwa hiyo serikali." Bi Ratiba akacheka, lakini maneno yale yalimwingia. Akampangia mdogo wake msimamizi aliyeaminika kuliko wote, mzee mmoja mstaafu wa jeshi waliyemwita Mjeshi. Mjeshi alikuwa hajui kukisia. Ukimwambia saa mbili, yuko pale saa mbili kasorobo, viatu vimefungwa. Ukimwagiza jambo, atalifanya vilevile ulivyolisema, asiongeze chumvi wala kupunguza.

Siku ya kumi, kwa hesabu ya ukutani, barua ililetwa kutoka kwa watu wa bwawa lililo juu kule mtoni. Bwawa limejaa, wangefungua milango yake alfajiri ya siku ya kumi na mbili ili kulipunguzia mzigo. Maji yangefika kwenye kivuko cha chini kiasi cha saa tisa alasiri, yapite usiku kucha, na kesho yake yapungue.

Bi Ratiba aliisoma mara moja, akainuka na kuiendea karatasi ya timu ya tatu. Kivuko cha chini hakikuwa na daraja wala pantoni. Kiangazi mto ulikauka, ukabaki uwanda wa mchanga, mpana kiasi kwamba mtu wa ng'ambo unamwona lakini humtambui. Magari yalipita juu ya mchanga huo, abiria wakishuka kutembea ili gari lisizame. Na pale ukutani, siku ya kumi na mbili ya timu ya tatu ilikuwa buluu. Wavuke asubuhi. Siku ya kumi na tatu wahoji kitongoji cha ng'ambo, kaya kumi na mbili tu, kazi ya siku moja. Siku ya kumi na nne buluu tena, wavuke kurudi.

"Hapana, hapana, hapana," alijisemea. Moyo ulimdunda kidogo, lakini si sana, maana dawa ilikuwa mkononi. Kijiji walichokuwapo hakikuwa na mtandao. Mjeshi alipanda kilimani kila asubuhi kusoma ujumbe, basi. Alichukua simu na kuandika kwa kifupi, kama alivyozoea kuwaandikia: "Watu wa bwawa wanafungua maji. Siku ya 12 msivuke mto. Mvuke siku ya 13."

Akausoma tena, akautuma. Kisha akachukua kalamu na kuikata buluu ya kumi na mbili, akaihamishia siku ya mbele. Siku iliyobaki wazi akaipaka njano. Wapumzike, maskini, alisema moyoni, Kifunga atafua nguo.

Jibu lilikuja asubuhi ya pili yake, siku ya kumi na moja. "Ujumbe umefika. Siku ya 12 hatuvuki. Tutalala hapo hapo. Mjeshi."

Hapo ndipo alipotulia, akaagiza chai. Lakini chai ilipofika na alipoanza kuipuliza, neno moja lilimkwaruza. Hapo hapo. Kwa nini hapo hapo? Mtu aliyeko kijijini na asiyetaka kuondoka husema tutalala hapa hapa. Hapa ni pale nilipokanyaga. Hapo ni kwingine, pale tunapopazungumzia mimi na wewe. Alifungua simu akausoma ujumbe kwa sauti. Karani wa pembeni, bwana mmoja mpenda mizaha, akauliza kama ni barua ya mapenzi.

"Mjeshi ameandika hapo hapo badala ya hapa hapa," alisema Bi Ratiba.

"Mzee wa watu ana vidole vinene. Hiyo simu yake yenyewe herufi zimefutika. Hebu kunywa chai, shangazi."

Akanywa chai. Alimtumia Mjeshi ujumbe mwingine, "Mko salama?", lakini Mjeshi alikuwa ameshashuka kilimani, na hakuna aliyeujibu. Siku nzima lile neno lilikuwa pale, kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Unatembea nayo, unasema utaitoa ukifika.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili aliamka na uzito ambao hakuweza kuupa jina. Mama yake alimuuliza wakiwa mezani, "Mwenzio yuko wapi leo?"

"Anapumzika, mama. Leo timu yao yote inapumzika."

"Alhamdulillahi," alisema mama, akaendelea kukuna nazi.

Ofisini hali ya hewa ilikuwa nzito, hewa haichezi. Saa tano aliwapigia watu wa bwawa. Ndiyo, walisema, milango imefunguliwa tangu alfajiri kama tulivyoandika, maji yako njiani. Yule aliyepokea simu alikuwa na sauti ya kuchoka. "Lakini huko chini hamna mtu wenu, sivyo?" aliuliza. Bi Ratiba akamjibu hamna. Baada ya kukata simu alibaki ameishika mkononi, akitazama njano aliyoipaka kwa mkono wake.

Saa sita Bosi aliita kikao. Bosi alikuwa mwema lakini alipenda kusikia sauti yake, na siku hiyo alitaka kuambiwa kila timu imefikia asilimia ngapi. Simu ziliwekwa kwenye kikapu mlangoni, kanuni yake hiyo. Kikao kikaenda, kikaenda, hadi saa nane na robo. Bosi aliisifu timu ya tatu. "Tangu juma la pili hawajaacha hata kaya moja," alisema. "Hiyo ndiyo nidhamu. Hongera, Bi Ratiba, umewanyoosha." Watu wakapiga makofi, naye akatabasamu kwa adabu.

Alirudi chumbani kwake, akakaa, akafungua kompyuta kuona majibu yaliyoingia. Vishikwambi vya wadadisi hutuma majibu vikipata mtandao, na kila fungu huja na saa yake, mahali lilipotumwa, na namba ya siku iliyoandikwa na timu. Fungu la timu ya tatu liliingia saa tano na dakika kumi.

Timu inayopumzika haitumi kitu. Hilo ndilo alilowaza kwanza. Kisha akasoma mahali. Ukingo wa mto, upande wa pili. Kisha akasoma namba ya siku. Siku ya kazi: 10.

Kumi? Leo ni kumi na mbili! Aligeuka kuutazama ukuta kana kwamba ukuta ungemsaidia. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, alihesabu kwa kidole. Katikati yake njano mbili, siku ya tano na siku ya kumi. Kumi na mbili utoe mbili. Kumi. Ee Mungu wangu. Zile namba zilikuwa za ukuta wake peke yake. Karatasi walizobeba timu zilikuwa na tarehe, rangi na majina ya vijiji. Namba wao walijiandikia, kwa sababu kishikwambi kiliwauliza kila siku, leo ni siku ya ngapi ya kazi. Kwao siku ya kumi na mbili ilikuwa keshokutwa, siku ya kurudi. Laiti angeandika tarehe! Neno moja, tarehe moja, basi.

Alimpigia Mjeshi. Simu iliita, maana pale ukingoni palikuwa na mtandao mzuri kuliko mahali popote njiani, na wadadisi walipapenda kwa hilo. Ilipokelewa mara ya pili.

"Shikamoo mzee, mko wapi?"

"Marahaba, Bi Ratiba. Tuko ng'ambo, tumevuka tangu saa nne. Kila kitu kiko sawa. Na keshokutwa hatuvuki kurudi, tutalala hapo hapo kitongojini kama ulivyoagiza."

"Mzee, ni leo! Maji ni ya leo!"

"Uliandika siku ya kumi na mbili. Leo ni ya kumi. Ninayo kwenye daftari."

"Nilihesabu na mapumziko."

"Siku ya mapumziko haihesabiwi," alisema Mjeshi, taratibu, bila ubishi, kama mtu anayesoma amri. "Wewe mwenyewe ulituambia kwenye mafunzo. Ukatutania, ukasema siku ya mapumziko si siku, ni usingizi."

Alikumbuka. Ukumbi mzima ulicheka, na Kifunga alicheka kuwashinda wote. Lakini wamevuka, Bi Ratiba alijiambia. Wamevuka, wako ng'ambo, hakuna lililoharibika. Maji na yaje.

"Basi kaeni mbali na mto," alisema. "Ondokeni hapo ukingoni sasa hivi, nyote. Mpo wote sita?"

"Tupo watano. Tunamsubiri mdogo wako."

Bi Ratiba aligeuka kuitazama saa.

"Kulikuwa na kaya moja haijakutwa," Mjeshi aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukimbia. "Mara ya kwanza hayupo, mara ya pili hayupo. Mwenye nyumba akatuma neno kwamba atarudi leo asubuhi. Kifunga akasema yeye atabaki amalize mara ya tatu, atakuja na bodaboda. Hukutaka iachwe. Hao hapo, nawaona! Wameshateremka mchangani, pikipiki imenasa, wanaisukuma."

"Maji unayaona?"

"Hapana. Mchanga mkavu kabisa."

"Wapigie kelele! Piga honi! Mimi namtafuta simuni."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika thelathini na nane. Barua ilisema saa tisa. Muda upo, alijiambia, muda upo, vidole vikikosea kubonyeza jina. Simu iliita mara tano. Alisikia upepo kwanza, halafu kicheko.

"Dada! Yaani umenipigia wakati nimegeuka punda wa kusukuma pikipiki. Ile kaya nimeipata, mwambie Bosi—"

"Kifunga, nisikilize. Acha pikipiki. Maji ya bwawa yanakuja, toka mtoni sasa hivi, kimbia."

"Maji gani? Hapa hata mate sina."

"Sikutanii, mama!"

Kicheko kilikatika. Kwa mbali honi ya gari ilikuwa ikilia bila kupumzika. Alimsikia mdogo wake akihema, akimwambia mtu wa bodaboda jambo, na yule mtu akijibu kwa woga.

"Dada, nirudi au nivuke?"

Swali dogo kabisa. Bi Ratiba alisimama katikati ya chumba, simu ameibana sikioni.

"Mko wapi? Mmefika katikati?"

"Bado. Bado kidogo kufika katikati."

Hapa wengi wanaposimulia habari hii husema alichanganyikiwa. Si kweli. Akili yake ilikuwa safi, na hilo ndilo lililomtesa baadaye. Aliona kwamba nyuma ni karibu zaidi. Lakini macho yake yalikuwa ukutani, na kwa kuwa wenzake walishavuka, kesho ilikuwa kijani tena kama ratiba ya awali, kaya kumi na mbili, wadadisi wanne, kila mmoja kaya tatu. Akirudi nyuma atakwama upande ule siku mbili, peke yake, na watatu hawatamaliza. Mbele kuna gari, kuna wenzake, kuna Mjeshi. Dakika ishirini zipo. Yote hayo yalipita kichwani mwake kwa muda wa kumeza mate.

"Vuka," alisema. "Vuka, kimbia uwafuate wenzako!"

"Haya, dada."

Simu ikakatika, labda aliikata mwenyewe ili akimbie. Bi Ratiba alipiga tena, ikaita bila kupokelewa. Karani mpenda mizaha alisimama mlangoni, akamwona uso, akasahau alichojia. Wote wawili waliitazama ile saa. Dakika ya arobaini na moja. Ya arobaini na nne. Nje muuzaji alikuwa akitembeza ndizi, akiita kwa sauti ya kawaida kabisa.

Dakika ya arobaini na saba Mjeshi alipiga. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo isiyokatika, na mtu alikuwa akilia, mmoja wa wale wasichana wa timu.

"Yamekuja," alisema Mjeshi. "Yamekuja mapema, yamekuja kama ukuta. Mwenye bodaboda aligeuza nyuma, ameacha pikipiki, yuko juu ya ukingo kule, mzima, namwona."

"Na Kifunga?"

"Alikuwa anakuja kwetu. Alikuwa anakimbia, begi mgongoni, kishikwambi amekikumbatia. Dereva aliingia kumpokea mpaka maji yakamfika kiunoni, yeye tumemvuta kwa kamba, lakini mdogo wako hatukumfikia, maji yamemchukua." Mzee yule, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, sasa alikuwa anapiga ukelele. "Walikuwa pamoja, Bi Ratiba! Walisimama pamoja, yule akageuka nyuma, na huyu akaja mbele, na mbele ndiko kulikokuwa mbali. Kwa nini hakugeuka na mwenzake? Nani alimwambia aje huku?"

Karani alimshika Bi Ratiba mkono akidhani ataanguka. Hakuanguka. Aliusogeza ule mkono pembeni, polepole, akaiweka simu vizuri mdomoni ili mzee amsikie juu ya ngurumo ile.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia."